Jibu kwa mwandishi wa fantasia: kwa nini vita vyako vya dini haviaminiki

*"Ninaandika riwaya ya fantasia. Nina miungu saba, kila mmoja na kazi yake, na kurasa arobaini za hadithi ya uumbaji. Kisa chenyewe ni vita kati ya watu wa nyanda za juu wanaoabudu Jua, wenye moto mtakatifu hekaluni, na watu wa bondeni wanaoabudu Mwezi. Marafiki waliosoma rasimu wanasema dini inaonekana kama pambo na vita haviwaingii akilini. Nimeongeza maelezo ya miungu, hali ikazidi kuwa mbaya. Tena naogopa kuonekana nakejeli dini za watu, maana tambiko moja nimelichukua kwenye jamii isiyo yangu. Nianzie wapi?"*

Anzia kwenye ule moto wa hekaluni ulioutaja kwa kupita tu. Humo ndimo vita vyako vilimo. Kurasa arobaini za uumbaji ziweke kando kwa sasa. Zina kazi yake, nami nitazigusa mbele kidogo.

Marafiki zako wameona jambo la kweli, ila dawa uliyoichagua ndiyo iliyozidisha ugonjwa. Msomaji asipoiamini dini ya kubuni, mwandishi hudhani maelezo hayajatosha. Basi huongeza mungu, kisha nasaba ya mungu, kisha unabii. Lakini muumini wa kawaida, wa dini yoyote ile, hashindi akiwaza ulimwengu ulivyoumbwa. Anawaza kama ametawadha vizuri, kama mfungo ni leo au kesho, kama mchango wake umeandikwa, kama posa iliyoletwa nyumbani imetoka kwa watu wanaokubalika, na kama baba yake alizikwa sawasawa. Imani humfikia kupitia mambo ya kutenda. Ukiyaruka hayo ukakimbilia miungu, unamfundisha msomaji dini isiyo na waumini.

Kuna kipimo ambacho huwa nawapa waandishi ninaowahariri. Chukua sura moja ya rasimu yako, futa kila neno linalohusu dini, halafu isome upya. Kama wahusika bado wanaamka saa ileile, wanakula kilekile, wanakopeshana vilevile na wanaapa bila kuogopa chochote, dini hiyo ni pambo hata kama ina miungu mia. Kama sura imeanguka, kwa sababu fulani hangeweza kuingia nyumba ile bila kuvunja mwiko, au safari isingecheleweshwa siku nne, basi dini inafanya kazi.

Kabla hatujaingia kwenye moto, kuna dhana moja inayokukwamisha. Umegawa watu kwa miungu: hawa wa Jua, wale wa Mwezi. Jamii nyingi zilizokuwa na miungu wengi hazikuishi hivyo. Katika Ugiriki ya kale, baharia alimtolea Poseidoni sadaka kabla ya kung'oa nanga, mkewe akamwita Artemi wakati wa uchungu wa kuzaa, na wote wawili wakampa Hestia fungu lake pale mekoni. Kumwomba huyu hakukuwa kumkana yule. Mtu alikwenda kwa mungu mwenye shughuli inayomhusu siku hiyo. Ndiyo maana vita vyako haviingii akilini. Kwa nini anayelisalia Jua amchukie anayeusalia Mwezi, na wote wawili wanaviona vyote viwili angani? Ugomvi wa dini huhitaji kitu ambacho pande mbili haziwezi kukishika kwa pamoja: mahali pamoja, siku moja, kiti kimoja, maiti mmoja, au namna moja ya kutenda jambo ambalo likikosewa linabatilika.

Hiyo namna ya kutenda ndiyo waandishi wengi wa fantasia huidharau, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Ngoja nikupe kisa cha kweli, kwa sababu ukikielewa hiki utaweza kujitungia mwenyewe bila kuniuliza tena.

Mwaka 1652 Nikon alitawazwa kuwa Patriaki wa Moscow, yaani mkuu wa kanisa la Urusi. Mwaka uliofuata alianza kurekebisha ibada za kanisa hilo zilingane na za Wagiriki wa wakati wake. Warusi walikuwa wakifanya ishara ya msalaba kwa vidole viwili. Akaagiza vitumike vitatu. Walikuwa wakiimba aleluya mara mbili. Ikawa mara tatu. Hata jina la Yesu katika vitabu vyao likaongezwa herufi moja. Hakuna aliyesema Mungu ni mwingine. Pande zote mbili zilikuwa na Maandiko yaleyale, watakatifu walewale na imani ileile. Hata hivyo Mtaguso wa 1666 na 1667 uliwalaani walioshikilia desturi za zamani, na kanisa likapasuka. Watawa wa monasteri ya Solovetsky, huko kaskazini baharini, walizingirwa na jeshi la mfalme wao wenyewe tangu 1668 hadi 1676. Kuhani Avvakum, msemaji mkali kuliko wote wa upande wa zamani, alichomwa moto mwaka 1682. Kulikuwa na jamaa nzima zilizojifungia ndani ya majengo ya mbao na kujichoma zenyewe kuliko kukamatwa.

Mtu wa nje husema: wamekufa kwa ajili ya kidole kimoja. Wewe kama mwandishi huna ruhusa ya kusema hivyo, kazi yako ni kuingia ndani ya mkono ule. Ishara ile mtu alifundishwa na mama yake kabla hajajua kusema vizuri. Ameifanya asubuhi na jioni, kabla ya kula, mbele ya maiti, wakati wa radi. Leo anaambiwa ni kosa. Swali linalomjia la kwanza haliko kwenye elimu ya dini, liko kaburini: bibi yangu aliyekufa akiwa ameviweka vidole viwili kifuani, yuko wapi sasa? Akikubali vidole vitatu, amemhukumu bibi yake. Akivikataa, amemwasi patriaki, na nyuma ya patriaki yuko mfalme. Hapo tayari una mhusika asiye na njia rahisi ya kutokea, na bado hujataja sifa hata moja ya Mungu.

Kinachofuata ndicho kinachonifanya nikirudie kisa hiki kila mara. Katika kanisa lile, kuhani hufanywa na askofu tu. Maaskofu karibu wote walibaki upande wa marekebisho. Kwa hiyo Waumini wa Kale, kama walivyokuja kuitwa, walikuwa na makuhani waliowekwa wakfu zamani, nao walikuwa wanazeeka. Walipoanza kufa, jamii ikagawanyika tena. Wengine walianza kuwapokea makuhani waliotoroka kutoka kanisa rasmi. Wengine walisema makuhani wa kweli wamekwisha duniani, tutaishi bila wao. Sasa, bila kuhani, nani atafungisha ndoa? Wapo waliosema basi hakuna ndoa tena, kila mtu aishi kama mtawa. Wapo waliokubali vijana waoane kwa baraka za wazazi. Kila jibu lilizaa aina yake ya kijiji, aina yake ya familia, aina yake ya aibu. Hayo yote yametoka kwenye kanuni moja ndogo ya kiutaratibu, kwamba kuhani hutoka kwa askofu, ilipokutana na tukio moja.

Basi utaratibu wenyewe ni huu: weka kanuni moja ya kutenda, uliza inahitaji nini ili itekelezeke, kisha kiondoe kimoja kati ya vitu inavyovihitaji. Tufanye hivyo na moto wako.

Kanuni iwe hii: kila jiko katika nchi ya Jua lazima liwake kwa moto uliotoka hekaluni, na mara moja kwa mwaka mioto yote huzimwa, ukawashwa mpya. Ndoa iliyofungwa mbele ya moto huo ni ndoa, na maiti aliyechomwa kwa moto huo amefika. Usiogope kwamba ni jambo la ajabu mno. Waazteki, watu wa mji wa Tenochtitlan katika Meksiko ya kale, walizima mioto yao yote kila baada ya miaka 52. Makuhani walipanda kilima cha Huixachtlan nje ya mji, wakangoja nyota za Kilimia zipite katikati ya anga usiku wa manane, maana zisingepita ulimwengu ungekuwa umekwisha. Zilipopita, moto mpya uliwashwa juu ya kifua cha mateka, na kutoka hapo mienge ikapelekwa mahekaluni na majumbani. Usiku ule watoto walizuiwa kulala, kwa hofu kwamba atakayelala atageuka panya. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1507. Kumbuka habari ya watoto na panya wakati unaandika. Sentensi hiyo moja inabeba hofu ya mji mzima kuliko maelezo marefu ya mwisho wa dunia.

Sasa uliza moto wako unahitaji nini. Kwanza, mtu wa kuubeba. Kaa lililofunikwa kwa majivu ndani ya chungu halidumu sana, lazima lilishwe njiani. Kwa hiyo wabebaji hawawezi kutembea siku nyingi bila kituo, na kila mwendo wa siku moja panahitajika kibanda chenye kuni kavu na mtu wa kukesha. Umeshapata mtandao wa barabara. Wabebaji hao wanaingia kila kijiji, wanajua nani amekufa na nani amegombana na nani, wanabeba habari pamoja na makaa, kwa hiyo hekalu linajua mambo kabla ya mfalme. Kuni zitoke wapi? Nyanda zako za juu ni baridi na miti yake ni michache. Misitu iko bondeni. Basi watu wa bondeni hutoa kuni za hekalu kila mwaka, nao ndio wanaoupokea moto wa mwisho kwa sababu ndio walio mbali zaidi.

Tulia hapo kwenye umbali. Moto ukizimwa nchi nzima usiku mmoja, wa juu wanaupata mpya alfajiri. Wa bondeni wanaupata siku ya nne. Siku nne bila kupika, bila kuota moto, bila harusi, na maiti akingoja. Katika vizazi vichache siku hizo zinapata vyakula vyake vikavu, nyimbo zake, makatazo yake. Na katika usiku ule wa giza, mwanga pekee walionao ni mwezi. Hapo ndipo watu wako wa Mwezi wanapozaliwa. Hawakuamka siku moja wakachagua mungu tofauti. Ni waumini wa Jua waliokaa mwisho wa barabara, wakaanza kuomba kile kilichokuwa mbele ya macho yao wakati moto bado uko njiani. Kwa wa hekaluni ni ushirikina wa watu wasio na subira. Kwa wao wenyewe ni sehemu ya ibada ileile, tena sehemu iliyo ngumu zaidi. Watu hufarakana na jirani anayefanana nao kwa ukali ambao hawawezi kuupata kwa mgeni kabisa.

Sasa ondoa kitu kimoja. Mwaka mmoja mafuriko yanakata daraja. Siku ya nne inapita, ya saba, ya tisa. Mkeshaji wa kituo cha mwisho ana watu mlangoni, wana mgonjwa, wana maiti anayeanza kunuka. Usiku anafunga mlango, anagonga jiwe kwa chuma, anawasha moto, anaugawa asubuhi na kusema umefika. Hakuna anayejua. Mwaka unaofuata moto halisi unakuja kama kawaida na uongo unazikwa. Miaka ishirini baadaye, akiwa kitandani anakufa, anakiri.

Angalia alichokiharibu. Si kila kitu, na hapo ndipo uzuri wake ulipo: ni mwaka mmoja tu. Waliooana mwaka ule bondeni, je, wameoana? Waliochomwa mwaka ule wako wapi? Watoto waliopewa majina mbele ya moto wa jiwe, majina yao ni majina? Sasa hao watoto wana umri wa kuoa na kuolewa, na mmoja wao ni mrithi wa ukuu wa bonde. Hekalu linasema: tutawafungisha upya, waje juu, wakiri walikuwa gizani. Ni jibu la huruma kwa jinsi wanavyoelewa wao, na kwa wa bonde ni tusi kwa wafu wao. Wazee wa bonde wanasema: moto ulipika, maiti walifika, tulihisi wamefika, basi ulikuwa moto. Kundi la tatu, la vijana, linauliza swali ambalo hakuna anayetaka kulisikia: kama moto wa jiwe ulifaa mwaka mzima, tunapeleka kuni za nini? Na yupo mama mmoja ambaye mtoto wake alikufa mwaka ule, akachomwa kwa moto ule, naye hataki siasa ya upande wowote. Anataka kujua tu mwanawe yuko wapi. Huyo mpe sura zake.

Jambo la namna hii limewahi kuwagawa watu kweli. Baada ya mateso ya Kaisari Diokletiano yaliyoanza mwaka 303, Wakristo wa Afrika ya Kaskazini waligombana juu ya makasisi waliokabidhi Maandiko kwa askari wakaokoa roho zao. Je, askofu aliyewekwa wakfu na mtu kama huyo ni askofu? Na waliobatizwa naye? Ubishi huo uliendelea zaidi ya karne nzima, na miji mingi ilikuwa na maaskofu wawili, kila mmoja na kanisa lake.

Nina tahadhari mbili kuhusu kisa hiki cha moto, na zote ni mahali ninapoona rasimu zikiharibika.

Ya kwanza ni kishawishi cha kuwafanya makuhani wote wanafiki. Mwandishi akishagundua kwamba hekalu linafaidika na kuni, hupenda kumalizia kwamba dini ilikuwa kisingizio cha mali tangu mwanzo. Hapo vita vinakufa, kwa sababu mtu anayetaka kuni tu atapatana bei. Watu hawapatani bei wanapoamini kwamba wafu wao wamo hatarini. Maslahi na imani hukaa ndani ya mtu mmoja, na mara nyingi mwenyewe hajui vinapoachania. Asiyeamini ana nafasi yake, lakini awe mmoja na awe katikati ya wanaoamini. Ursula K. Le Guin alilifanya hili vizuri katika riwaya yake ya mwaka 1971 kuhusu makaburi ya Atuan. Mahali pamoja jangwani pana ibada tatu za umri tofauti. Ile kongwe kuliko zote, ya nguvu zisizo na majina, imebaki na ukumbi wenye paa linalobomoka, huku ile mpya ya Mfalme-Mungu ndiyo yenye mamlaka nyuma yake. Msichana Tenar, kuhani wa nguvu hizo za kale, alichukuliwa kwa wazazi wake akiwa mtoto mdogo, kwa sababu alizaliwa usiku ambao kuhani aliyetangulia alikufa. Anaamini kwa kuwa hajawahi kupewa maisha mengine. Kossil, kuhani wa Mfalme-Mungu, ni mtu mzima asiyeziheshimu nguvu zile za kale, na kutoamini kwake ndiko kunakomfanya awe hatari kwa msichana. Mmoja tu. Wangekuwa wote kama yeye, pasingekuwa na hofu mahali pale.

Ya pili ni swali unalopaswa kulijibu leo, kabla hujaandika sura nyingine: je, Jua linajibu? Katika fantasia miungu wanaweza kuwepo kweli, na hilo linakupa tatizo ambalo mwandishi wa historia hana. Kama Jua linaweza kusema, kuhani atauliza moto wa jiwe unafaa au haufai, atajibiwa, na riwaya imekwisha. Vilevile, moto wa hekalu ukiponya vidonda na wa jiwe usiponye, watu wataujaribu kwa kidonda, na ibada imegeuka tiba. Mimi ningekushauri Jua linyamaze kabisa, kwa sababu kisa chako kinaishi kwenye shaka. Kama unamtaka mungu mwenye sauti, basi sauti hiyo ipitie kwa mtu ambaye uhalali wake ndio unaobishaniwa, au ijibu jambo jingine kuliko lililoulizwa. Na matukio yaache yasomeke pande mbili: mmoja wa watoto wa mwaka ule anakufa ghafla, kila upande unaona ushahidi wake, na wewe usimwambie msomaji nani yuko sahihi.

Sasa namna ya kuiandika ibada yenyewe ukurasani. Sehemu ulizonitumia zinaanza na maelezo: "Kwa mujibu wa sheria ya Jua, wajane hawaruhusiwi..." Hakuna anayeishi ndani ya desturi anayeieleza hivyo. Iandike kupitia mtu ambaye kwake ni kazi ya kila siku, mikono yake ikitangulia akili yake. Kwa mfano:

*Nyanya aliinama, akafukua majivu kwa kidole, akahesabu. Makaa matatu. Alilitoa moja, akaliweka kwenye jiko la mkwewe, akasogea pembeni bila kulipuliza. Mkwewe alipiga magoti, akapuliza yeye. "Na haya mawili ni yetu?" mtoto aliuliza. "Moja letu," Nyanya alisema, akifunika chungu. "Jingine la babu yako. Usilisogelee."*

Mungu hajatajwa. Lakini msomaji ameshajua kwamba mjane hapulizi moto wa nyumba nyingine, kwamba mfu ana fungu lake, kwamba makaa huhesabiwa kwa hiyo hayatoshi, na kwamba mtoto bado anajifunza. Kurasa thelathini baadaye, mafuriko yamekuja, mkwe ana homa na hawezi kuinuka, na Nyanya anainama na kupuliza. Huhitaji kuandika kwamba amevunja mwiko. Msomaji atashtuka mwenyewe, na mshtuko huo ndio ushahidi kwamba dini yako imemwingia. Kanuni huoneshwa mara moja ikifuatwa, kwa utulivu, halafu ikivunjwa na mtu tunayempenda kwa sababu tunayoielewa. Ukizionesha zote siku ya kuvunjwa tu, utalazimika kueleza, na maelezo yatakurudisha ulikotoka.

Zile kurasa arobaini za uumbaji usizichome. Zivunje vipande. Hadithi ya asili ya dunia ni silaha katika ugomvi, kila upande huisimulia ili ushinde. Kuhani wa hekalu atasema Jua liliwapa watu moto kwa mkono wake. Mzee wa bonde atasema Jua lilipotua, Mwezi ndio uliowaonesha watu mahali moto ulipofichwa. Mbebaji wa makaa, akiwa amelewa, atasema mtu aliuiba. Mistari minne au mitano kila mara, ndani ya mabishano, inatosha. Miungu wengine watano wabaki kama majina katika viapo na matusi, mpaka mmoja wao atakapohitajika na mtu.

Nimekuja kwenye hofu yako ya mwisho, na hili sitalimaliza kwa maandishi. Kujifunza kutoka dini halisi hakuepukiki, na mimi mwenyewe nimekupeleka Urusi na Tenochtitlan. Tofauti iko kwenye unachokichukua. Ukichukua namna kanuni inavyozaa matokeo, kama tulivyofanya na kanuni ya askofu na kuhani, hujachukua mali ya mtu. Ukichukua maneno ya sala, vazi, kifaa kitakatifu au hatua za jando na unyago wa watu walio hai, umewachukua wao wenyewe, na watajitambua. Hatari huwa kubwa zaidi pale tambiko lililoazimwa linapopewa lile kabila la riwaya linalotakiwa kuonekana la kutisha. Angalia kama ndivyo ulivyofanya, maana waandishi wengi hufanya hivyo bila kukusudia: dini ya shujaa hutungwa upya kwa upendo, ya adui huokotwa kwa jirani.

Kwa kuwa hukuniambia ni tambiko gani, na hata ungeniambia mimi si mtu wa jamii hiyo, unahitaji kukaa uso kwa uso na wenyewe. Tafuta watu wasiopungua wawili, wa umri tofauti. Usiishie kwa kiongozi, maana kiongozi atakupa mafundisho. Mtafute pia yule anayefagia, anayepika siku ya shughuli, anayeosha maiti, kwa sababu yeye ndiye anayejua kinachotokea kitu kikikosekana saa nane za usiku. Wapelekee sura yenyewe iliyoandikwa, usiwapelekee muhtasari wake, na uwaulize kama kuna jambo humo ambalo halisemwi mbele ya wasioingizwa. Wakikuambia lipo, litoe lote. Usilibakize kwa kubadilisha majina, kwa sababu wanaolijua watalitambua kwa mpangilio wake kabla ya kufika kwenye jina.